Jinsi ya kusoma mwisho wa anwani ya tovuti usikosee nchi

Wateja wengi wanaoniletea viungo niwakagulie huanza kusoma anwani kutoka kushoto. Hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu mwenye anwani hujulikana kutoka kulia.

1. Tenga jina la tovuti. Chukua kilichopo baada ya `https://` mpaka kufikia mkwaju wa kwanza, yaani alama `/`. Kinachofuata mkwaju huo kiache. Mwenye tovuti anaweza kuandika chochote pale.

2. Tazama herufi baada ya nukta ya mwisho. Zikiwa mbili za Kilatini, ni msimbo wa nchi au eneo: `tz` Tanzania, `ke` Kenya, `cd` Kongo ya Kinshasa. Zikiwa tatu au zaidi, kama `com` au `africa`, si msimbo wa nchi. Misimbo hii hufuata orodha ya kimataifa ya ISO 3166, ila Uingereza hutumia `uk` ingawa kwenye orodha hiyo ni GB.

Sasa jaribu anwani hii ya kubuni:

```
https://www.tra.go.tz.mfano.co/malipo
```

Jicho linaona `go.tz` na kutulia. Lakini mwisho wake ni `co`, yaani Kolombia, na domeni yenyewe, yaani jina lililosajiliwa, ni `mfano.co`. Maneno `tra.go.tz` yamebandikwa mbele tu, na mwenye `mfano.co` hahitaji kibali cha mtu kuyaweka. Anwani halisi ya serikali ya Tanzania huishia kwa `.go.tz`, kisha mkwaju au basi. Ndivyo ilivyo pia kwa `.co.tz`: ukiikata `tz` umeshahama nchi.

3. Uliza kama nchi hiyo huuzia kila mtu majina yenye msimbo wake. Hapa ndipo herufi zinapodanganya. `tv` ni Tuvalu, visiwa vya Pasifiki, lakini vituo vya video huipenda kwa sababu inasomeka kama televisheni. `ai` ni Anguila, kisiwa cha Karibi, na hununuliwa na kampuni za akili unde. Kiungo cha `youtu.be` kina msimbo wa Ubelgiji ili tu jina likamilike. Video haikutoka huko. Kwa hiyo msimbo hauthibitishi mwenye tovuti anaishi wapi, wala kompyuta inayoihifadhi iko wapi.

Usiposhika msimbo kichwani, uliza kwa amri hii, au fungua orodha iliyoko iana.org, tovuti ya shirika linaloratibu misimbo hii:

```
whois -h whois.iana.org ly
```

Jibu litakuonyesha shirika linalosimamia `ly`, nalo liko Libya.

4. Kabla ya kununua, soma masharti ya nchi hiyo. Jina la biashara likikaa vizuri kwenye `ly`, bado msajili wa Libya ana mamlaka juu yake. Mwaka 2010 aliifuta `vb.ly`, huduma ya kufupisha viungo, kwa kudai maudhui yake yalikiuka sheria za nchi hiyo. Wenye huduma walikuwa Marekani, lakini hilo halikuwasaidia. Mimi mteja akitaka jina la aina hii, humwambia anunue na `.co.tz` au `.com` yake siku hiyohiyo, na barua pepe za ofisi aziweke huko.