Namba 5 si Moja: Kupima Mpira kwa Futi ya Fundi Cherehani

Nafundisha watoto soka, netiboli na kikapu kwenye kiwanja kimoja hapa Makorora, Tanga. Mzazi akitaka kumnunulia mwanawe mpira huniuliza, "Namba ngapi, kocha?" Namba peke yake haitoshi. Namba 5 ya soka ni ya watu wazima, namba 5 ya kikapu ni ya watoto, lakini ukiizungushia futi mipira yote miwili unapata mzingo wa karibu sentimita 69 au 70. Kwa hiyo taja mchezo kwanza, kisha umri, ndipo utafute sentimita.

Katika soka, watoto walio chini ya miaka 8 huchezea namba 3, yenye mzingo wa karibu sentimita 58 hadi 61. Wa miaka 8 hadi 12 wapewe namba 4, sentimita 63.5 hadi 66. Kuanzia 13 ni namba 5, na sheria ya soka inataka iwe kati ya sentimita 68 na 70. Netiboli ni rahisi zaidi: wasichana wadogo wa shule ya msingi namba 4, ambayo mzingo wake ni karibu sawa na namba 4 ya soka, na kuanzia miaka 11 au 12 namba 5, sentimita 69 hadi 71. Kwenye kikapu, walio chini ya miaka 12 huchezea namba 5. Wasichana wakubwa, wanawake na wavulana wa miaka 12 hadi 14 huchezea namba 6, karibu sentimita 72 hadi 73. Wanaume ni namba 7, karibu 75 hadi 77.

Sasa tupime.

Hatua ya kwanza ni upepo. Karibu na valvu pameandikwa kiwango, mfano `0.6-0.8 BAR`. Jaza mpaka hapo kwa pampu yenye geji, kisha uache mpira ulale usiku mmoja ndani, kivulini. Mpira mpya hutanuka kidogo baada ya kujazwa mara ya kwanza, na uliokaa juani upepo wake umepanda, kwa hiyo vipimo vyake havitakuwa vya kweli.

Hatua ya pili ni kuchagua cha kupimia, na hapa ndipo wengi wa kwetu tunakosea, kwa sababu kamba ya katani imejaa kila nyumba. Kamba yenye unene wa milimita 3 ukiizungusha kisha ukainyoosha kwenye rula, inakuongezea karibu sentimita 1 nzima, kwa kuwa katikati ya kamba iko mbali na ngozi ya mpira. Mshipi wa kuvulia nao unavutika. Tumia futi ya fundi cherehani, ila uilaze kwanza kwenye rula uone kama haijalegea kwa uzee.

Hatua ya tatu, zungusha futi katikati kabisa, pale mpira ulipo mpana kuliko kote. Isogeze juu na chini taratibu. Kipimo kikubwa unachokipata ndicho cha upande huo, maana futi ikiteleza pembeni inasoma pungufu. Iguse ngozi bila kuibana. Geuza mpira, urudie mara mbili kwa pande nyingine, kisha utafute wastani. Vipimo vitatu vikipishana zaidi ya sentimita 1, mpira umekuwa yai, nao utakata kona wenyewe ukiviringika.

Juzi nililetewa mpira wa soka namba 4 wa timu ya chini ya miaka 12. Kijana wangu aliupima kwa katani akapata 67.2, akasema ni mkubwa, turudishe. Niliupima kwa futi nikapata 66.4, 66.2 na 66.5. Bado ulizidi, lakini nilipoubonyeza kwa dole gumba haukuingia hata kidogo. Geji ikasoma 1.1, na juu yake pameandikwa mwisho 0.8. Nikatoa upepo mpaka 0.7, nikapima tena: 65.7, 65.5, 65.8. Wastani ni karibu 65.7, namba 4 halali.

Mpira mwingine uliokuja pamoja na huo ulikuwa umeandikwa namba 5. Huo, kwa upepo sahihi, ulitoa 66.6 pande zote tatu. Ni mviringo mzuri, lakini mkubwa mno kuwa namba 4 na mdogo mno kuwa namba 5. Usijaribu kuuokoa kwa kuujaza zaidi. Utapata sentimita za uongo na mpira mgumu unaoumiza mguu wa mtoto, na mshono utaanza kufunguka. Niliurudisha dukani siku ileile, kabla haujagusa mchanga, nikaenda na futi yangu, tukaupima pamoja na muuzaji juu ya meza yake. Alinibadilishia, na mpira mwingine tuliupima kabla sijaondoka.