Somo: Jinsi ya Kutengeneza Faharasa Yako Katika Wiki za Kwanza Kwenye Kazi ya Korosho

Somo hili ni la ndugu wanaoanza kazi ya ukarani au upimaji wa ubora katika maghala ya Mtwara na Lindi, ambako msimu ukifunguliwa hakuna mtu mwenye nafasi ya kukaa chini akueleze kila kifupisho kinachotamkwa mizanini.

Hatua ya kwanza ni kukusanya bila kufasiri. Katika wiki ya kwanza andika neno kama lilivyotamkwa au lilivyoandikwa, kisha andika ulipolikuta: kwenye hati ya kupokelea mzigo, kwenye stakabadhi ya ghala, mdomoni mwa mpimaji, au kwenye tangazo la mnada. Mahali neno lilipotoka pana thamani kubwa, kwa sababu neno "gredi" linapotajwa kwenye korosho ghafi linahusu daraja la mzigo, ilhali kwa mbanguaji linahusu ukubwa, rangi na uzima wa kiini.

Hatua ya pili ni kutenganisha majina na vipimo. Majina ya taasisi huisha haraka: AMCOS ni chama cha msingi cha wakulima, ilhali MAMCU, TANECU na RUNALI ni vyama vikuu, na herufi za RUNALI zenyewe zinakutajia Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kila jina litoshelezwe na mstari mmoja, kisha nguvu zako zielekeze kwenye vipimo.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Kila kipimo kipe mambo manne: kinapima nini, kwa kizio gani, nambari ikipanda ni heri au ni hasara, na hesabu moja uliyoifanya kwa mkono wako. Tuchukue KOR, ambayo ni uzito wa kiini kinachofaa, kwa ratili, unaotarajiwa kutoka katika gunia la kilo 80 za korosho ghafi. Tuseme sampuli ya kilo 1 imepasuliwa, ikatoa gramu 260 za viini vizuri na gramu 40 za viini vyenye madoa au visivyokomaa. Hizo 40 huhesabiwa nusu, yaani 20, na vilivyooza havihesabiwi kabisa, hivyo tunapata gramu 280. Zidisha kwa 80, upate gramu 22,400; gawanya kwa 453.6, ambazo ni gramu za ratili moja, na jibu ni takriban 49.4.

Hesabu hiyo ikiwa ndani ya faharasa, makosa yanajitokeza yenyewe. Mtu akikutajia KOR ya 22, yaelekea ameacha kilo bila kuzigeuza kuwa ratili. Akisema KOR ya 49 ni asilimia 49, anakosea pia, kwani gramu 280 katika kilo ni asilimia 28 tu. Sehemu kubwa ya korosho ghafi ni ganda.

Ule mwelekeo wa nambari nauhimiza sana. KOR ikipanda, mzigo ni bora. Idadi ya korosho katika kilo ikipanda, korosho ni ndogo. Vivyo hivyo W320 ni viini vyeupe vizima 300 hadi 320 kwa ratili, na W240 ni 220 hadi 240, kwa hiyo W240 ndivyo vikubwa zaidi ingawa nambari yake ni ndogo. Karani asiyeandika jambo hili hulisoma jedwali la bei kinyume.

Hatua ya mwisho ni kumwonyesha mpimaji mzoefu vipimo hivyo, mizani ikiwa imetulia, naye akusahihishe kwa kalamu yake.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Nachingwea: Shikamoo mwalimu. Wazoefu wawili wakinipa maana mbili tofauti, nimfuate yupi?

Marahaba. Andika zote mbili, kila moja na kazi ya aliyeisema, kisha tafuta hati ambamo neno hilo linatumika kwenye hesabu. Mara nyingi wote wawili wako sahihi, ila mmoja anazungumzia korosho ghafi na mwingine iliyobanguliwa.

Mwanachama, Tandahimba: Je, naweza kupiga picha hati badala ya kunakili?

Usifanye hivyo bila ruhusa, dada yangu, kwa kuwa hati nyingi zina majina na akaunti za benki za wakulima. Nakili vichwa vya safu peke yake, kwani ndivyo vyenye vifupisho.

Mwanachama, Masasi: Unyevu nao unahitaji hesabu?

Unahitaji mfano mdogo. Unyevu ni asilimia ya maji katika uzito wa mzigo, na ukipanda ni hasara, kwani korosho isiyokauka vizuri huota ukungu ghalani. Andika pia kikomo kilichobandikwa kwenye ghala lako, pamoja na jina la kifaa kilichosomwa.