Fangasi wa vidoleni wanaorudi kila ukiacha krimu: somo la kukausha na viatu

Assalaam alaykum. Somo hili ni la yule ambaye ngozi baina ya vidole vya miguu inamlowana, inageuka nyeupe, inachanika na kuwasha, hasa pale kidole kidogo kinapobanana na mwenzake. Anapaka krimu, inapoa, akiacha tu inarudi. Mimi nauza dawa Chake Chake, na wengi wanaonijia huomba krimu "kali zaidi". Mara nyingi krimu haina kosa. Maji yaliyobaki baina ya vidole na kiatu kisichokauka ndivyo vinavyowarudisha fangasi.

Nitaeleza kwa mfano wa kijana mmoja wa Pemba anayehudumia wageni hotelini kule Nungwi. Zamu nzima huvaa viatu vyeusi vya kufunika, vya ngozi ya bandia, na soksi za nailoni. Adhuhuri na Alasiri humkuta kazini, basi hutia udhu, husali, kisha huvaa soksi juu ya miguu mibichi kwa sababu wateja wanamngoja. Alikuwa akipaka krimu mpaka muwasho ukatike, halafu anaacha. Baadaye alipewa nyingine iliyochanganywa na steroidi. Muwasho ulikoma upesi sana, lakini upele ukapanda juu ya mguu. Steroidi hutuliza wekundu na muwasho, na wakati huohuo hupunguza kinga ya ngozi, fangasi wakapata nafasi ya kutambaa. Ukiona kwenye boksi maneno kama betamethasoni au klobetasoli, usiipake bila ya kuandikiwa na daktari.

Hatua ya kwanza: tazama mguu wote. Kaa penye mwanga, panua kila kidole. Kisha tazama kucha. Ukucha mnene, wa manjano, unaomeguka, huenda una fangasi ndani yake, na krimu haipenyi huko. Mtu wa namna hiyo atatibu ngozi mwaka mzima huku kucha zikiirudishia maradhi. Anahitaji kupimwa, na pengine vidonge vya miezi kadhaa chini ya daktari. Tazama pia unyayo na kinena, kwani fangasi haohao hufika huko kwa mkono au kwa nguo. Ndiyo maana ni vyema kuvaa soksi kabla ya chupi.

Yule kijana kucha zake zilikuwa safi. Hiyo ilikuwa habari njema.

Hatua ya pili: krimu moja, kwa muda wake kamili. Klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa mara 2 au 3 kwa siku, na huendelea wiki 2 baada ya ngozi kuonekana imepona. Kwa kawaida jumla hufika wiki 4 hivi. Tabinafini ya asilimia 1 ni ghali zaidi, lakini baina ya vidole mara nyingi wiki 1 hutosha. Chagua moja. Paka tabaka jembamba, lipite kidogo mpaka wa sehemu iliyoathirika, na vidole viwe vimekauka kabisa kwanza.

Muwasho hukatika mapema kuliko fangasi wanavyokufa. Wanakula ule utando mgumu wa juu ya ngozi, na utando huo huchukua wiki kadhaa kubadilika. Anayeacha siku ya tano kwa kuwa hawashwi amewaacha hai mle ndani.

Hatua ya tatu: kukausha. Hapa ndipo nataka mtulie nami, maana sisi huosha miguu mara nyingi kwa siku, na hewa ya visiwani hasa masika haikaushi kitu. Kosha baina ya vidole kama udhu unavyotaka, jambo hilo ni zuri kwa ngozi. Kukausha baadaye hakubatilishi udhu. Weka mfukoni kitambaa kidogo cha pamba, cha miguu tu. Kipitishe kila nafasi kwa kugandamiza, usisugue ngozi iliyochanika. Anza na mguu mzima, malizia na mgonjwa. Kisha panua vidole, vipate hewa dakika chache kabla ya soksi. Kitambaa kifuliwe kila siku na kianikwe juani. Taulo la mwili lisiguse vidole hivyo.

Vidole vyako vikiwa vimebanana sana, usiku weka kipande chembamba cha shashi kavu baina yake.

Hatua ya nne: viatu. Vipande vya ngozi iliyokufa hubaki ndani ya kiatu, na fangasi huweza kuishi humo miezi. Jasho la jana likikutana na joto la leo, mguu uliotibiwa unaambukizwa upya. Kijana wetu alinunua jozi ya pili ya bei ndogo, akawa anazipokezanisha: moja kazini, nyingine inapumzika siku nzima juani, soli ya ndani imetolewa na ulimi umefunuliwa. Soksi akabadilisha kwenda za pamba, jozi mbili kwa zamu, ya pili akiivaa baada ya Adhuhuri. Zilizovaliwa hufuliwa kwa maji ya moto. Nyumbani alivaa makubadhi au kandambili, mguu ukapata upepo. Alipaka klotrimazoli mpaka mwisho wa muda, na masika yaliyofuata ngozi yake ilibaki nzima.

Ukifuata yote haya wiki 4 na hali haibadiliki, nenda hospitali wakwangue ngozi na kuitazama kwa darubini. Kuna bakteria wanaofanana sana na fangasi hapo vidoleni, na dawa yao ni nyingine. Harufu kali na rangi ya kijani ni dalili ya bakteria.

Maswali

*Dada wa Paje: Nalima mwani. Siku za bamvua miguu imo majini saa nyingi, nimevaa viatu vya mpira. Hii ni fangasi au maji tu?*

Dada yangu, bahari yenyewe itakupa jibu. Ngoja maji mafu, usipoingia baharini. Ngozi ikirudi sawa ndani ya siku hizo, ilikuwa imelowana tu. Ikiendelea kuwasha na kubanduka, tibu kama fangasi. Ukitoka majini, suuza kwa maji matamu, kausha, rudi nyumbani na kandambili. Viatu vya mpira vivuliwe palepale.

*Kaka wa Wete: Bibi kaniambia nipake ndimu na chumvi. Inaunguza kweli, nadhani inafanya kazi.*

Kaka, kule kuunguza ni ngozi iliyo wazi inayoumia, na kidonda kinaongezeka. Mpe bibi heshima yake, ila ndimu iache.

*Bi mmoja wa Mkoani: Mama ana sukari. Vidole vimechanika, na tangu jana mguu una wekundu na joto mpaka kifundoni.*

Bi, mpeleke hospitali leo, usingoje kesho. Bakteria wameingia kupitia ule mchaniko, na kwa mwenye sukari huenea upesi. Krimu ya fangasi haitasaidia hilo. Mwambieni daktari pia kuhusu vidole, ili navyo vitibiwe baadaye.

*Kaka wa Unguja mjini: Mke wangu naye kaanza kuwashwa. Tunatumia kandambili moja ya chooni.*

Basi mtibiwe pamoja, siku moja, kwa muda uleule. Kila mtu na kandambili yake na taulo lake. Sakafu ya choo isuguliwe kwa sabuni, na busati dogo la kukanyagia lianikwe kila asubuhi.