Jinsi ya kukadiria pampu ya maji ya sola: lita za siku, hedi na saa za jua

Pampu nyingi za sola zisizofikisha maji hazina ubovu wowote. Zilinunuliwa kwa kupimia kina cha maji yakiwa yametulia, na kina hicho sicho pampu inachokutana nacho ikianza kazi. Hapa tunachukua kisima kirefu kimoja na kukikokotoa mwanzo hadi mwisho, tangu lita hadi paneli.

Hatua ya 1: Lita za siku

Shamba ni la mita za mraba 3,000, na mazao yanahitaji milimita 5 za maji kwa siku, pamoja na yale yanayopotea njiani. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo tunahitaji lita 15,000, yaani mita za ujazo 15 kwa siku. Tumia mahitaji ya mwezi mgumu. Wastani wa mwaka utakuangusha wakati mazao yana kiu kuliko wakati wowote.

Hatua ya 2: Hedi

Hedi ni kimo chote ambacho pampu inapaswa kuyapandisha maji, pamoja na msuguano ndani ya bomba. Watu wengi hukosea hapa.

Kisima chetu kina urefu wa mita 60. Maji yakiwa yametulia yako mita 30 chini ya ardhi. Kilipopimwa kwa kuvutwa mita za ujazo 5 kwa saa, maji yalishuka hadi mita 42 na kubaki hapo. Namba ya kutumia ni 42. Kama hakuna aliyepima kisima kwa kukivuta saa kadhaa mfululizo, simama kwanza, kwa sababu hesabu yote inayofuata inaegemea hapo.

Pampu yenyewe tunaishusha hadi mita 50 ili ibaki chini ya maji. Watu huuliza kama hizo mita 8 za ziada zinaongeza hedi. Haziongezi, isipokuwa msuguano kidogo wa bomba lililorefuka, maana maji yanayoizunguka pampu yanaisukuma kutoka upande wa pili. Hedi huhesabiwa kuanzia uso wa maji, si kuanzia mahali pampu ilipo.

Mdomo wa bomba kwenye tangi uko mita 6 juu ya ardhi. Bomba lote ni mita 170: mita 50 kisimani na mita 120 hadi kwenye tangi. Kwa mita za ujazo 3 kwa saa, yaani 15 zikigawanywa kwa saa 5 za jua za Hatua ya 3, bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 44 hupoteza takriban mita 1.4 kwa urefu huo. Ongeza viungo na vali, weka mita 2.

```
Hedi = 42 + 6 + 2 = 50 m
```

Ungenunua bomba la bei rahisi lenye milimita 28 kwa ndani, msuguano peke yake ungekuwa mita 12 hivi. Utalipia tofauti hiyo kwa paneli kila siku ya maisha ya mtambo, na bomba pana huwa nafuu kuliko hivyo.

Hatua ya 3: Saa za jua kamili

Hizi si saa ambazo jua linaonekana angani. Ni nishati ya jua ya siku nzima ikiwa imekusanywa kwenye saa za jua kali la wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Eneo linalopokea kWh 5 kwa mita ya mraba kwa siku lina saa 5, hata kama kuna mwanga kwa saa 12. Takwimu za kila mwezi hupatikana bure kwenye tovuti za PVGIS au NASA POWER. Chukua mwezi ambao mahitaji ya maji ukiyagawa kwa saa za jua yanatoa jibu kubwa kuliko miezi mingine. Sisi tuna saa 5.

Hatua ya 4: Nishati na paneli

Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kimo cha mita moja kunahitaji Wh 2.725. Pampu na mota kwa pamoja tunazipa ufanisi wa asilimia 45, makadirio ya kawaida kwa pampu ndogo ya kuzama. Kisha tunakata robo ya nguvu ya paneli kwa ajili ya joto, vumbi na nyaya.

```
Nishati ya maji  = 2.725 × 15 × 50  = 2,044 Wh
Nishati ya umeme = 2,044 / 0.45     = 4,542 Wh
Paneli           = 4,542 / (5 × 0.75) = 1,211 W
```

Kwa paneli za wati 400, tatu zinakosa kidogo tu, lakini chukua nne. Pampu ya mapanga haitoi tone mpaka izunguke kwa kasi ya kuushinda mwinuko wote, kwa hiyo nguvu ndogo ya asubuhi hupotea bure, na hesabu hii haioni hasara hiyo. Paneli ya ziada huiamsha pampu mapema. Pampu ya skrubu huanza na jua dogo, ndiyo maana inapendwa kwenye visima virefu vyenye maji machache.

Sasa rudi kisimani. Paneli nne kwenye jua kali zitaipa pampu wati 1,200 hivi, na hizo zinaweza kuvuta karibu mita za ujazo 4 kwa saa. Kisima chetu kinatoa 5, kwa hiyo ni salama. Kingekuwa cha 3, pampu ingekikausha saa sita mchana. Ukiwa na kisima cha namna hiyo, chagua pampu ndogo, au punguza kasi kwenye kontrola, kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kwenda kwenye pampu. Kitambuzi cha kuzima pampu maji yakiisha kifungwe kwa vyovyote vile.

Hatua ya 5: Volti

Tuseme kila paneli ina volti 37 ikiwa haijabebeshwa mzigo. Nne mfululizo ni volti 148. Kontrola yenye kikomo cha 150 inaonekana kutosha, lakini paneli huongeza volti kwenye baridi: asubuhi ya nyuzi 5 zinakaribia 156, na kontrola inaungua. Chukua yenye kikomo cha 200. Upande wa pili, joto la mchana hushusha volti za kazi, yaani za paneli hizo nne zikiwa na mzigo, kutoka 124 hadi kama 107, kwa hiyo hakikisha mota bado inaridhika hapo.

Hatua ya 6: Kupima baada ya kufunga

Shika ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa bomba saa sita mchana, mbingu ikiwa safi. Kwa mita za ujazo 3 kwa saa itajaa kwa sekunde 24, na kwa 4 itajaa kwa sekunde 18. Ikichukua dakika nzima, soma wati kwenye kontrola. Wati zikiwa chache, tatizo liko juu: kivuli, vumbi, kiungo kilicholegea. Wati zikiwa za kutosha na maji ni haba, tatizo liko chini: bomba linavuja, mapanga yamelika, au maji yameshuka kupita mita 42. Teremsha kamba ya kupimia kisimani pampu ikiwa inafanya kazi, usisubiri izimwe.