Kabla hujabadilisha shawa, hendo na taa kwenye nyumba ya kupanga

Kwanza piga picha kila kitu kilivyo kabla hujafungua skrubu hata moja, halafu mtumie mwenye nyumba kwa watsap umwambie ukihama utarudisha vilivyokuwepo, akijibu "sawa" usiifute hiyo meseji.

Shawa ndo inayosumbua zaidi ya vyote. Kama ni ile ya umeme inayochemsha maji papo hapo usiiguse, muachie fundi. Hizi za kawaida nyingi uzi wake ni nusu inchi, kwa hiyo kichwa kipya mara nyingi kinaingia tu, kazi iko kwenye kufungua cha zamani. Ukiwa unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama huku kwetu Dar, kichwa kinakuwa kimegandia, ukikifungua kwa nguvu kinazunguka na bomba lake lote na kile kiungo kilichoko ndani ya ukuta kinalegea. Maji yanaanza kuvujia ndani kwa ndani, wewe huoni kitu mpaka rangi ya upande wa chumbani inafura kama andazi. Mi nilifanyiwa hivyo na fundi mwenye haraka zake, gharama nikalipa mimi. Kwa hiyo funga koki, zungushia kitambaa chenye siki pale kwenye uzi uache kama saa nzima, halafu shika spana mbili, moja inabana bomba lisicheze, nyingine ndo inafungua kichwa, na uweke kitambaa katikati isikwaruze. Bomba likiwa la plastiki na limegoma, achana nalo jamani.

Kufunga kipya, zungusha tredi tepu raundi nne au tano kufuata mshale wa saa ukiwa unautazama mdomo wa bomba, maana ukizungusha kinyume inajivua yenyewe unapokaza. Fungulia maji dakika kumi, kausha, kisha bandika tishu pale kwenye kiungo, ikilowa kaza kidogo tena.

Hendo za makabati pima katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu, nyingi ni milimita 96 au 128, na upime kabla hujaenda dukani, sio unanunua nzuri halafu unatoboa mlango wa mtu. Skrubu mpya zikiwa ndefu sana hendo inachezacheza hata ukikaza vipi.

Taa mi nabadilisha kava na balbu tu, nazo breka ikiwa imezimwa. Waya zikianza kuonekana muite fundi umeme.

Vya zamani, kichwa cha shawa kiloweke siki, kikauke kabisa, kiweke kwenye mfuko pamoja na washa yake, hendo na skrubu zake mfuko mwingine, andika kwa maka "jikoni, milango sita". Mifuko yote nimeifungia juu ya kabati la nguo, maana ikikaa stoo siku ya kuhama haionekani.