Turbini ya jotoardhi: ufanisi wake uko umbali gani na kikomo cha Carnot?

Mtu aliyezoea jenereta kubwa za dizeli, zenye ufanisi wa asilimia 40 hivi, akiambiwa turbini ya jotoardhi inatoa 16 hudhani mashine imekufa. Swali la kwanza lingekuwa hili: kwa joto lililopo, ni asilimia ngapi zinazowezekana? Mhandisi Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba kikomo hakitegemei ustadi wa fundi wala aina ya mashine. Kinategemea halijoto mbili tu, ya upande wa moto na ya upande wa baridi.

Tutatumia mashine ya MW 15, inayopokea mvuke wa bar 5 hivi, mfano wa zile zilizoanza kazi Olkaria, karibu na Naivasha, kuanzia mwaka 1981. Namba za hapa ni za mfano, si kumbukumbu za kituo. Unahitaji geji mbili za shinikizo, kipimo cha mtiririko wa mvuke, mita ya umeme na jedwali la mvuke.

Hatua ya 1: Pata shinikizo halisi

Hapa ndipo watu wengi huharibu hesabu kabla haijaanza. Geji ya kawaida husoma tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa ya nje, lakini jedwali la mvuke linataka shinikizo lote, kuanzia sifuri. Lazima uongeze shinikizo la hewa la mahali ulipo. Pwani ni bar 1 hivi. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama Olkaria, ni karibu bar 0.8.

Geji ya mvuke ikisoma 4.2, shinikizo halisi ni bar 5.0. Geji ya kondensa ikisoma −0.7, halisi ni bar 0.1. Ukiongeza bar 1 kwa mazoea, upande wa mvuke hutaona kitu, kwa kuwa halijoto inabadilika kwa nyuzi moja na kidogo tu. Upande wa kondensa ni balaa: bar 0.1 inageuka 0.3, na halijoto inaruka kutoka nyuzi 46 hadi karibu 70. Kosa lilelile, madhara tofauti kabisa. Ndiyo maana geji ya kondensa inastahili uangalifu kuliko zote.

Hatua ya 2: Tafuta kikomo

Jedwali linasema mvuke wa bar 5 una nyuzi 152 za Selsiasi, na wa bar 0.1 una nyuzi 46. Ongeza 273 kila upande ili upate kelvini:

```
T_moto   = 152 + 273 = 425 K
T_baridi =  46 + 273 = 319 K
kikomo   = 1 - 319/425 = 0.249
```

Asilimia 25. Ukisahau kelvini na kugawanya 46 kwa 152, utapata kikomo cha asilimia 70, na mashine nzima itaonekana ya aibu bila sababu.

Hatua ya 3: Hesabu joto lililoingia

Kilo moja ya mvuke wa bar 5 inabeba kilojuli 2,748. Maji yanayotoka kwenye kondensa kwa nyuzi 46 yanabaki na 192. Tofauti, kilojuli 2,556, ndiyo joto tuliloipa mashine.

Kumbuka tumechora mpaka kwenye mlango wa turbini. Kisima hutoa pia maji ya moto, ambayo separeta huyatenga na mara nyingi hurudishwa ardhini. Ukiyaingiza kwenye hesabu, ufanisi utashuka sana, lakini utakuwa unapima mradi mzima, si turbini. Vyote viwili ni halali, mradi usichanganye namba za mipaka miwili.

Hatua ya 4: Gawanya umeme kwa joto

Mtiririko ni tani 130 kwa saa, yaani kilo 36.1 kwa sekunde. Mita kwenye jenereta inasoma kW 15,000.

```
15000 / 36.1 = 415 kJ kwa kilo
415 / 2556   = 0.162
```

Asilimia 16.2, kati ya 24.9 zinazowezekana. Mashine imefikia takribani asilimia 65 ya kikomo chake. Hakikisha mita iko kwenye jenereta. Ikiwa iko baada ya pampu na feni kuchukua mgao wao, utakuwa umeitoza turbini deni la wengine.

Hatua ya 5: Pengo limetoka wapi?

Kikomo cha Carnot kinadhani joto lote limeingia kwa nyuzi 152. Kwetu si hivyo, kwani sehemu yake ni ile ya kupasha maji kutoka nyuzi 46 hadi 152, na joto la halijoto ndogo huzaa kazi ndogo. Fuata mvuke kwenye jedwali, ukishusha shinikizo hadi bar 0.1 bila entropia kubadilika: turbini isiyo na kasoro ingetoa kilojuli 588 kwa kilo, sawa na asilimia 23. Kwa hiyo karibu alama mbili zimepotea bila kosa la mtu.

Zilizobaki, kutoka 23 hadi 16.2, ni za mashine yenyewe. Hata katika turbini hiyo kamilifu, mvuke unatoka ukiwa na maji karibu asilimia 18 kwa uzito, na matone hayo huvuta blade nyuma na kuzila. Ongeza silika inayoganda kwenye nozeli, mvuke unaopenya pembeni ya blade, na hasara za jenereta. Linganisha 415 na 588 upate asilimia 71. Hiyo ndiyo namba ya kufuatilia mwezi hadi mwezi. Ikishuka huku shinikizo zote mbili zikiwa zilezile, shuku blade na nozeli.

Sasa rudi kwenye kosa la geji. Aliyedhani kondensa iko bar 0.3 angepata kilojuli 448 badala ya 588, na turbini yake ingeonekana kufikia asilimia 93. Turbini ya mvuke wenye maji haifiki huko. Ukiona namba tamu namna hiyo, kapime hewa ya mahali ulipo kwanza.

Kondensa ikipanda

Tuseme geji ya kondensa imehama kutoka −0.7 hadi −0.6. Shinikizo halisi sasa ni bar 0.2, nyuzi 60, na kikomo kimeshuka hadi asilimia 21.6. Kazi ya turbini kamilifu imeshuka kutoka 588 hadi 501, karibu asilimia 15, ingawa hakuna aliyegusa turbini.

Chomeka kipimajoto kwenye maji yanayotoka kondensa. Yakiwa na nyuzi 58 au 59, karibu sawa na jedwali, tatizo ni upozaji: maji ya kupozea ni machache au mnara haupozi vizuri. Yakiwa na nyuzi 48, mvuke peke yake ungeleta bar 0.11 tu. Bar 0.09 iliyobaki ni ya gesi isiyoganda: kabonidioksidi iliyokuja na mvuke kutoka kisimani, au hewa inayonyonywa kutoka nje. Hapo usihangaike na mnara. Kagua ejekta za kuvuta gesi, kisha sili za shafti upande wa kondensa.