Unaongea sana kabla ya kufika kwenye pointi? Anza na voisi zako za WhatsApp

Kazi yangu ni kufundisha watu wa mapokezi na huduma kwa wateja hapa Dar, na kitu ninachokutana nacho sana sio watu wasiojua kuongea, ni watu wanaojua kuongea vizuri tu ila wanaeleza mpaka msikilizaji anasahau aliuliza nini. Na wengi hawajijui kabisa. Ukimwambia "unaeleza sana" anakasirika, na kukuthibitishia kwamba haelezi sana anaanza kukueleza. Kwa hiyo mi simwambii mtu, namsikilizisha sauti yake mwenyewe. Na wewe tutaenda hivyo hivyo.

Hatua ya 1: tafuta voisi moja uliyotuma ukiwa na presha

Fungua WhatsApp, nenda kwa mtu ambaye kidogo unamuogopa au unamheshimu sana, bosi, mteja, mama mkwe, mwenye nyumba. Usichukue voisi za marafiki, kule mnapiga stori na stori haina shida. Tafuta ile uliyokuwa unaomba kitu, unakataa kitu au unatoa habari mbaya, maana maelezo ya ziada yanazaliwa hapo hapo. Sikiliza mara ya kwanza bila kufanya chochote. Mara ya pili angalia ile saa ya voisi inavyotembea, uandike sekunde ambayo ile sentensi yenyewe imetoka, ile ambayo ungeituma peke yake mtu angekuelewa. Kama voisi ni ya dakika 2 na sentensi imetoka kwenye dakika 1 na sekunde 50, basi umeshapata jibu lako, ila usiishie hapo.

Hatua ya 2: iandike neno kwa neno

Hii watu wanaichukia lakini ndio yenye dawa. Chukua karatasi, andika kila kitu mpaka zile "yaani". Nakupa mfano wa dada mmoja anayeprinti tisheti, mteja wake ni mama mmoja aliyeagiza tisheti 60 za mkutano wa ukoo wa Jumamosi, akaahidiwa Alhamisi. Jumatano dada akatuma hivi:

"Shikamoo mama, habari za nyumbani, watoto hawajambo? Mama samahani sana yaani sijui hata nianzie wapi, si unajua juzi huku umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, sasa ile mashine ikawa inawaka inazima, tukamwita fundi, fundi akasema kile kifaa mpaka Kariakoo, nikamtuma kijana akazunguka akarudi mikono mitupu, halafu na yule msaidizi wangu mwanae akaumwa hajaja siku mbili, yaani mama usije ukaona tumekupuuza, sisi wateja wetu tunawajali sana, hata jana mi nimetoka hapa usiku, sasa mama hizo tisheti za kesho nadhani zinaweza zikachelewa kidogo, labda keshokutwa, ila ntajitahidi mama."

Sasa pigia mstari kwa aina tatu. Aina ya kwanza ni habari yenyewe: tisheti zitachelewa. Aina ya pili ni kile anachohitaji huyu mama ili aamue cha kufanya. Aina ya tatu ni kujitetea, yaani kujibu lawama ambayo hakuna mtu ameitoa. Ukipitia hapo utaona kitu cha kusikitisha kidogo: umeme, fundi, Kariakoo, kijana, mtoto wa msaidizi, kutoka usiku, yote ni aina ya tatu. Aina ya pili haipo kabisa! Mama hajui zitakuwa tayari lini, hajui kama kuna hata moja imeisha, anaambiwa "kidogo" na "labda".

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, maana watu wanafikiri tatizo ni urefu. Mara nyingi maneno yanakuwa mengi kwa sababu kuna kitu mtu hajakiamua au hajakiuliza kabla ya kufungua mdomo. Huyu dada hakuwa amemuuliza fundi mashine inapona lini. Hana siku ya kumpa mama, sasa pale penye shimo anajaza sababu. Kwa hiyo ukiona voisi yako ina sababu nyingi na haina siku, haina kiasi, haina ombi linaloeleweka, usianze kupunguza maneno, nenda kwanza katafute kile kilichokosekana.

Na ujue kila sababu unayoongeza ni mlango umeufungua. Mama alijibu nini? Hakuuliza tisheti, aliuliza "kwani huna mtu mwingine zaidi ya huyo msaidizi?" Mazungumzo yakahamia kwenye mambo ya wafanyakazi, dada akaanza kutetea na hilo, voisi nyingine ndefu.

Hatua ya 3: ijenge upya, halafu irekodi tena

Mpangilio ninaowapa watu ni huu: salamu, habari, sababu moja, halafu kitu mwenzako anatakiwa kuamua. Basi. Sababu ni moja, ile iliyo kubwa kuliko zote, na isimame kwa sentensi moja.

Salamu usiikate. Naona watu wakishajifunza kuongea kwa kifupi wanaanza kumpigia mtu mzima simu na "tisheti hazijaisha" bila hata shikamoo, huo sio ufupi, huo ni ukavu, na kwa watu wetu utakugharimu kuliko hayo maneno mengi. Salamu ina nafasi yake, ikishaisha ndio unaingia moja kwa moja. Ile ya kukata ni ile iliyoko katikati ya salamu na habari, ile "sijui nianzie wapi."

Dada alimpigia fundi kwanza, akapata saa, akahesabu tisheti zilizokwisha, akatuma hii:

"Shikamoo mama, habari za nyumbani? Mama, zile tisheti 60 kesho hazitakuwa zote, zote zitakuwa tayari Ijumaa saa 4 asubuhi. Mashine iliharibika, fundi anaimaliza leo jioni. 25 ziko tayari, naweza kukuletea kesho au nikuletee zote pamoja Ijumaa. Niambie unataka ipi mama, na samahani kwa usumbufu."

Mama akajibu alete zote Ijumaa, mkutano wenyewe ni Jumamosi. Kumbe hilo la kuchelewa siku moja halikuwa hata tatizo kwake, kilichokuwa kinamtisha ni ile "labda".

Manesi nao wana mpangilio unaofanana na huu kwa ajili ya kumpigia daktari, unaitwa SBAR, ulitoka kwenye nyambizi za jeshi la maji la Marekani ukaja hospitalini. Unaanza na hali ya mgonjwa ilivyo sasa hivi, ndio yanafuata ya nyuma, halafu wewe unaonaje, halafu unaomba nini. Angalia kwamba historia imewekwa ya pili, haijafutwa. Maelezo hayakatazwi, yanasogezwa nyuma ya habari.

Hatua ya 4: ukiwa uso kwa uso

Voisi unaweza kuifuta ukarudia, mazungumzo ya ana kwa ana hayafutiki, kwa hiyo inabidi ujikamate ukiwa njiani. Dalili ninazowaambia watu wazisikilize ni hizi. Mwenzako ameshasema "sawa" au "haina shida" na wewe bado unaendelea, hii ndio kubwa kuliko zote, ameshakubali wewe bado unaomba. Au "enhee" yake imegeuka "mh". Au umejisikia ukisema "yaani ninachomaanisha" kwa mara ya pili. Au umeanza kumtaja mtu ambaye msikilizaji hamjui na ikabidi ueleze ni nani, mdogo wake nani, anaishi wapi.

Ukiikamata dalili yoyote, malizia hiyo sentensi uliyo nayo mdomoni, sema "kwa kifupi" halafu toa pointi, nyamaza. Usiseme "samahani naongea sana, unajua mi ndivyo nilivyo tangu..." maana hapo umeanza maelezo mapya. Na baada ya "sawa" ya mwenzako neno lako linalobaki ni asante.

Sehemu ngumu ni huko kunyamaza. Kuna utafiti ulitoka 2009 uliopima lugha 10 za sehemu tofauti za dunia, ukakuta muda kati ya swali na jibu kwa wastani ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde, yaani tumezoea kujibiwa haraka mno. Sasa umemuomba bosi ruhusa, akikaa kimya sekunde 2 tu wewe unaona kimya kirefu, unahisi amekataa, unaongeza sababu. Kumbe anafikiria, anaangalia kwenye kichwa chake nani atashika zamu yako. Ukiongea pale unamkatisha kwenye hesabu zake. Ukimaliza ombi lako funga mdomo, vuta pumzi, hesabu taratibu mpaka 5 kimoyomoyo, asipokuwa amesema kitu ndio uliza "unaonaje?" na usiongeze kingine.

Zoezi zuri la kuanzia ni michango ya harusi, kwa sababu inakuja kila wiki na watu wanajieleza mpaka wanatoa siri za ndani, ada ya mtoto, deni la kikoba, kodi. Jaribu hii: "Hongereni sana kaka. Mwezi huu sitaweza, ntaleta elfu 20 tarehe 5 mwezi ujao." Kama hutoi kabisa: "Hongereni sana, safari hii sitaweza kuchangia, nawaombea shughuli njema." Akiuliza kwa nini, sababu moja. Akiuliza tena, rudia ile ile, usitafute mpya, maana ukibadilisha sababu ndio mtu anaanza kuhisi unadanganya.

Sehemu ambazo hutakiwi kukata

Ukiwa kwa daktari, polisi unaandikisha maelezo, au unamkabidhi mwenzako zamu, anza na habari ila baada ya hapo toa kila kitu unachoulizwa, hata kidogo kidogo. Habari ya msiba nayo haipigwi kama risasi, unamuuliza kwanza mtu yuko wapi, yuko na nani, kama anaendesha gari asimame pembeni, ndio unamwambia. Na mtu aliyekuja kwako na huzuni hana pointi ya kufikia, mwache aongee.

Kuna na mabosi wanaotaka maelezo yote, wapo kweli. Kwa huyo usirudi kule kwa zamani, mpe ufupi kwanza halafu umwambie "ukitaka nikueleze ilivyokuwa ninayo yote hapa." Wengine watataka. Wengine watakwambia endelea na kazi.